Mwembamba au Amekonda? Namna ya Kulipima Neno Kabla ya Kulituma

Jioni moja dada anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa Mbagala Kizuiani, alibisha hodi akiwa na simu mkononi. Baba yake alikuwa ametoka nyumbani asubuhi ya jana yake na hakuwa amerudi. Polisi walishapewa taarifa, mjumbe alishaambiwa, na msikitini walishatangaza baada ya swala ya alasiri. Kilichobaki ni tangazo la kusambaza kwenye makundi ya Watsapu. Kwa kuwa anajua kazi yangu ni uhariri, alitaka nimwangalizie makosa ya herufi.

"Kaka, soma haraka, nilitume sasa hivi."

Lilisomeka hivi:

"Jamani tunamtafuta baba yetu. Ni kizee, mrefu, mweusi, amekonda sana, kachanganyikiwa. Amevaa kanzu kuukuu na kandambili za bluu. Ametoroka nyumbani Mbagala jana asubuhi. Ukimwona mkamate utupigie."

Herufi zote zilikuwa mahali pake. Ungefungua kamusi usingeona neno hata moja lisilo la Kiswahili fasaha. Lakini nilipomaliza kulisoma nilikuwa nimepata picha ya mgonjwa mahututi aliyerukwa na akili, anayekimbia watu wa nyumbani kwake. Mzee ninayemjua mimi huketi barazani kila asubuhi na kikombe cha kahawa, na hapiti mtu bila kumuulizia watoto. Tulikaa kwenye mkeka nusu saa tukalipima tangazo lile neno kwa neno. Njia tuliyoitumia ndiyo ninayoitumia kazini kila siku, na nitaieleza kwa kupitia tangazo lenyewe.

Kwanza, andika kile ambacho jicho linaona

Kila neno lina kitu linachokionyesha kidole. Walimu wa Kiswahili hukiita maana ya msingi. Halafu lina yale yanayoingia nalo mlangoni: hisia, heshima, dharau, hofu, kumbukumbu za watu waliolitumia kabla yako. Hayo huitwa maana ya ziada. Huwezi kuipima hii ya pili kama ile ya kwanza hujaiweka mezani ikiwa tupu.

Basi nilimwambia dada aweke simu chini, anieleze baba yake kama anavyoeleza kiti. Ana urefu gani? Mrefu. Mwili wake? Mdogo, hana nyama. Tangu lini? Tangu ujana wake, hata picha ya harusi yake yuko hivyohivyo. Anaumwa? Haumwi, kumbukumbu tu ndiyo inamsumbua, miaka miwili sasa. Kanzu? Ilikuwa nyeupe, imefuliwa mpaka imeingia ukijivu. Alitokaje? Mlango ulikuwa wazi, akatoka kama anaenda dukani.

Majibu haya niliyaandika kwenye karatasi upande wa kushoto, na maneno ya tangazo upande wa kulia. Papo hapo tukaona kwamba maneno mawili hayakuwa na tatizo la hisia peke yake, yalikuwa yanasema jambo ambalo halipo. "Amekonda" haikuwa kweli. "Ametoroka" pia haikuwa kweli. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: mtu anachukua neno lililo karibu na mdomo, lile linalofanana na hisia aliyo nayo saa hiyo, na neno linaleta habari zake lenyewe. Dada alikuwa na hofu, na maneno ya hofu ndiyo yaliyomjia.

Kamusi husaidia katika hatua hii. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA, zitakupa maana ya msingi kwa uhakika. Ila usizitegemee zikwambie jinsi neno litakavyomgonga mtu wa Tandika au Manzese leo jioni. Hilo unalipima mwenyewe kwa hatua zinazofuata.

Pili, liulize neno "tangu lini?" na "kwa nini?"

Chukua "mwembamba" na "amekonda". Mtu mgeni na lugha atakwambia ni mamoja, yote ni mtu asiye na unene. Lakini jaribu kumwambia jirani, "Fulani ni mwembamba." Atasema, "Eeh, nimemkumbuka." Sasa mwambie, "Fulani amekonda." Hatakaa kimya. Atauliza, "Kulikoni?"

Tofauti hiyo inatoka kwenye sarufi yenyewe. "Mwembamba" ni kivumishi, kinaeleza umbo kama lilivyo, hakina jana wala juzi. "Amekonda" ni kitenzi chenye -me-, kinasema kuna hali ilikuwepo ikaondoka, nyingine ikaingia. Kitu kikibadilika, msikilizaji hutafuta sababu, na usipompa sababu atajitafutia. Kwa mwili wa binadamu, sababu atakazozipata ni zilezile tatu: maradhi, njaa, mawazo.

Kipimo hiki ni rahisi na hakikosei mara nyingi. Neno likikubali kuulizwa "kulikoni?", jua limebeba hadithi. Jiulize kama hadithi hiyo unaitaka. Ukilipeleka kwa unene utaona jambo lilelile: "mnene" ni umbo, "amenenepa" ni safari. Tofauti ni kwamba safari ya kunenepa, kwa wazee wetu, ilikuwa habari njema. Shangazi akikutazama na kusema "umenenepa, maisha yamekupokea," anakusifu. Binti aliyezaliwa Dar baada ya mwaka 2000 na anayejipima kilo kila wiki anaweza kulia kwa sentensi hiyohiyo.

Kati ya mwembamba na aliyekonda kuna "amepungua". Hili nalo ni badiliko, lakini halitaji lilikoelekea. Linasema tu kilichokuwepo sasa ni kidogo zaidi. Ndiyo maana watu wawili wanaolitumia sana ni wale walio mbali kabisa: anayefanya mazoezi Coco Beach kila alfajiri na kutaka kusifiwa, na anayetoka kumwona mgonjwa hospitalini na hataki kuwatisha ndugu. "Amepungua kidogo," anasema, na wote wanaelewa. Kwa tangazo letu halikufaa, maana mzee hakupungua chochote.

Tatu, angalia neno linatembea na nani

Ukitaka kujua tabia ya neno, tazama marafiki zake. Andika sentensi tano au sita ambazo umeshazisikia kwa masikio yako, usizitunge, uone ni maneno gani yanakuja nalo.

Nilipofanya hivyo kwa "konda" nilipata: amekonda kwa mawazo, amekondeana kama ng'onda, ng'ombe waliokonda kwa ukame, mtoto anakonda hanyonyi. Kisha likaja moja ambalo hunishangaza kila nikilifikiria: "usikonde." Mtu akikwambia "usikonde, hela yako nitakuletea kesho," hazungumzii mwili wako hata kidogo. Anakwambia usiwe na wasiwasi. Lugha yenyewe imeshakubali kwamba kukonda na kuhangaika ni kitu kimoja. Neno likifika hapo, huwezi kulitumia kwa mwili wa mtu ukategemea msikilizaji asisikie mahangaiko.

Kwa "-embamba" nikapata: njia nyembamba, uzi mwembamba, sauti nyembamba, kiuno chembamba. Vyote ni vitu vyenye umbo, hakuna anayeteseka humo. Na kiuno chembamba ni sifa kabisa, mashairi ya pwani yamekisifu vya kutosha.

"Kimbaumbau" lina rafiki mmoja tu, na kila aliyesoma shule ya msingi anamjua: "kimbaumbau mwiko wa pilau." Ni neno la kuimbiana kwenye uwanja wa shule. Hata ukilitumia kwa upendo, wimbo unaingia nalo. Halafu kuna "modo", neno la vijana wa mjini kwa binti mwembamba wa kuvutia. Linasifu, lakini linasifu umri na mavazi pia. Huwezi kumpa mzee wa miaka 74.

Lipo jambo jingine kuhusu kukonda, nalo linahitaji kuelezwa polepole kwa wasomaji vijana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani Kagera. Miaka iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wa kawaida, mwili uliokwisha ndio uliokuwa ishara ambayo kila mtaa uliitambua. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita ugonjwa huo siliimu. Neno hilo wamelitoa kwenye Kiingereza, na huko kwa wenyewe ni la sifa, humsifu mtu mwembamba mwenye umbo zuri. Neno moja la kusifia likahama nchi likawa jina la ugonjwa. Kwetu hapa Dar watu waliupa ugonjwa majina ya kuuzungukia, "ngoma", "kukanyaga miwaya", ili wasiutaje. Na mtu hakuhitaji hata majina hayo. Ilitosha kusema kwa sauti ya chini, "Umemwona? Amekonda yule," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa mkubwa miaka ya tisini akisoma "amekonda sana" kwenye simu yake, anasikia sauti ile ya chini. Kijana wa miaka 20 haisikii, au anaisikia kwa mbali. Tangazo letu lilikuwa linakwenda kwa wote wawili, na huwezi kuchagua nani asome. Kanuni ninayoifuata ni kupima neno kwa sikio la yule litakayemuumiza zaidi.

Tukaandika "mwembamba". Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli kaka, baba hajakonda. Mimi ndiye niliyekonda tangu jana." Alilitumia sawasawa kabisa.

Nne, tazama kiambishi cha mbele

Kiswahili kina njia ya kutia hisia ambayo si kila lugha inayo: unabadili kiambishi cha mwanzo. Mzizi ni uleule, -zee. Sema "mzee" na umempa mtu kiti. Sema "kizee" na umemfanya mdogo. Sema "jizee" na umemfanya wa kuchukiza. Umri haujabadilika hata kwa siku moja.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua ni -kongwe. Tunasema Simba na Yanga ni timu kongwe, tunamwita mwimbaji wa dansi aliyeanza zamani mwanamuziki mkongwe, na hayo ni maneno ya heshima, yana miaka na ustadi ndani yake. Weka ki- uone: "kikongwe". Mara moja unaona mgongo uliopinda na mkongojo.

Usije ukafanya hii kuwa sheria ya chuma. Kijana, kiongozi, kinyozi, kipenzi, yote yana ki- na hakuna anayetukanwa. Kuna hata "bi kizee", ambalo likisemwa kwa ulimi wa pwani lina mapenzi tele. Kipimo ni kuangalia kama neno lenye m- lipo pembeni na wewe umeliruka ukachukua la ki-. Kama lipo, msomaji atajua umechagua. "Mzee" lilikuwepo, limejaa tele mdomoni kwa kila mtu, kwa hiyo "kizee" lilisomeka kama dharau hata kama mwandishi ni mtoto wake wa kumzaa.

Suala la kiambishi ni mojawapo ya sababu zilizofanya majina ya watu wenye ulemavu yabadilike. Kipofu, kiziwi na kiwete hayana mwenzake wa m- wa kukimbilia, basi watu wakatengeneza njia nyingine: mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu wa kusikia. Sheria yetu ya mwaka 2010 inawataja kama watu wenye ulemavu. Na "zeruzeru", ambalo halina hata hiyo ki-, limetolewa kwenye maandishi ya heshima likaachia nafasi "mtu mwenye ualbino", kwa kuwa lilishafungamana na imani za ushirikina zilizogharimu maisha ya watu. Ukiandika leo, tumia haya mapya.

Tano, maneno ya tendo: nani anafanywa mkosaji?

Hapa ndipo tangazo lilipokuwa na hatari halisi, na sikulala vizuri nikifikiria kama lingetumwa lilivyokuwa.

"Ametoroka." Nani hutoroka? Mahabusu, mwanafunzi wa bweni, mtu mwenye madeni. Kila kutoroka kuna kufungiwa. Msomaji akikutana na neno hili atajiuliza mzee alikuwa anakimbia nini kwake, na mwenye huruma anaweza hata kumficha. "Ametoweka" nalo lina giza lake, linamfanya mtu awaze mabaya aliyotendewa. "Amepotea" ni jepesi na watu wengi hulitumia, sina ugomvi nalo. Lakini tulichokijua kwa hakika ni vitendo viwili: alitoka, na hajarudi. Tukaviandika hivyohivyo. Ukikwama kati ya maneno matatu yenye vivuli, mara nyingi dawa ni kurudi kwenye tendo lenyewe.

"Mkamate." Tafadhali lifikirie neno hili ukiwa umesimama kituo cha daladala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni. Kinachokamatwa ni mwizi. Mtu mmoja akisema "mkamate yule," kumi wanageuka kabla hawajauliza kafanya nini, na mzee asiyeweza kujieleza akianza kujinasua, ndiyo basi. Dada alikuwa na maana ya "mzuie asiende mbali". Maana ya msingi ya maneno haya mawili inakaribiana kabisa, kwa vyote viwili mtu haendi. Lakini kukamata kuna mkono wenye nguvu ndani yake. Tulijaribu "mzuie", nikaona bado lina kusukumana. Tulipofika "mketishe" dada akaitikia kwa kichwa, kwa sababu ndivyo mzee anavyofanywa akiwa nyumbani. Kuketisha ni kumpa mtu kiti, na anayepewa kiti ni mgeni.

"Kachanganyikiwa." Hili si baya kama kichaa, chizi au mwendawazimu, na dada alikuwa amelichagua kwa nia njema. Lakini linaacha pengo: amechanganyikiwaje? Anapiga watu? Anaongea peke yake? Msomaji akiachiwa pengo hulijaza kwa hofu yake, na mtu mwenye hofu hamsogelei anayetafutwa. Tukaandika "ana tatizo la kumbukumbu", kisha tukaeleza linavyoonekana. Nikamwuliza dada, mtu akimkuta njiani akamwuliza anakaa wapi, atajibu nini?

"Atasema Kilwa. Kwao ni Kilwa. Kila siku anasema kesho anarudi Kilwa."

Sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko jina lolote la ugonjwa. Tukaiweka ndani.

Sita, hakikisha hujaipoteza kweli kwa kutafuta ustaarabu

Dada alipoona maneno yanabadilika alishika mtindo, akaanza kulainisha kila kitu. Akataka "mweusi" liwe "maji ya kunde", liwe zuri zaidi sikioni. Akataka "mwembamba" liwe "umbo la wastani". Akataka "kanzu kuukuu" iwe "kanzu safi", aibu isiifikie familia.

Nikamkatalia yote matatu, na sababu ni ile karatasi ya upande wa kushoto. Maji ya kunde ni rangi nyingine, siyo jina la heshima la weusi. Mtu akisoma maji ya kunde atamwacha mzee mweusi apite mbele yake. Umbo la wastani ni mwili mwingine. Tasfida, yaani kulainisha neno kwa ajili ya heshima, inaruhusiwa kugusa maana ya ziada tu. Ikigusa maana ya msingi imekuwa uongo, na kwa tangazo la namna hii uongo unaweza kumlaza mtu njaa usiku wa pili. Na "mweusi" lenyewe halina ubaya ukiliweka pamoja na maelezo mengine ya mwili, kati ya urefu na mvi. Linakuwa na ubaya likisimama peke yake kama jina la mtu.

Kanzu ndiyo iliyotupa kazi. "Kuukuu" ni neno la kitu kilichokwisha, kinachosubiri kuwa tambara, na linamwaibisha anayekivaa. Lakini uchakavu ulikuwa alama muhimu, kwa sababu kanzu nyeupe pepe ziko elfu. Nilimwuliza ukiiona kwa mbali utaijuaje. Akasema imepauka, hasa mabegani. "Imepauka mabegani" inaeleza kitambaa bila kumgusa mvaaji, tena inaonekana kwa macho kuliko kuukuu. Mara nyingi neno lenye dharau ni la jumla, na ukilibadilisha kwa lililo mahsusi zaidi dharau inaanguka yenyewe.

Kandambili za bluu tuliziacha. Maneno mengine hayana kivuli cha kuhangaikia, usipoteze muda nayo.

Saba, lisome kwa sauti kana kwamba mwenyewe ameketi hapo

Geuza kila "ni" iwe "wewe ni", kila "ame-" iwe "ume-". "Wewe ni mrefu, mwembamba, una mvi." Unaweza kumwambia mzee hivyo usoni akaitikia. "Wewe ni kizee, umekonda, umetoroka." Ulimi unagoma. Penye kugoma rudi hatua ya pili.

Usitumie kipimo hiki kikiwa peke yake, kwa sababu kinapenda sifa. "Wewe una umbo la wastani" inapita vizuri tu, na tumeshaona kwa nini haikufaa. Ndiyo maana nakiweka baada ya ile karatasi.

Tangazo lililotumwa usiku ule lilikuwa hili:

"Tunaomba msaada wenu. Baba yetu, mzee wa miaka 74, ametoka nyumbani Mbagala Kizuiani jana asubuhi na hajarudi. Ni mrefu, mwembamba, mweusi, ana mvi kichwa kizima. Amevaa kanzu nyeupe iliyopauka mabegani na kandambili za bluu. Ana tatizo la kumbukumbu, husahau njia ya kurudi, na ukimwuliza anakokaa atakutajia Kilwa. Ukimwona, mwamkie, atakuitikia. Mketishe kivulini, mpe maji, kisha utupigie namba hii."

Ni refu kuliko la kwanza. Nilihofia kidogo urefu huo, maana watu husoma mistari miwili wakapita, na kama ningekuwa na nafasi ya mistari miwili tu ningebakiza mwembamba, kanzu iliyopauka, Kilwa na mketishe.

Nane, sikiliza neno linalorudi

Tangazo likishatoka, watu watakujibu, na namna wanavyomtaja mtu wako itakwambia neno lako limewafikiaje. Wakirudisha neno lako kama lilivyo, limekaa. Wakilibadilisha, angalia wamelipeleka upande gani. Katika kundi moja mtu aliandika, "Mungu amsaidie huyo kichaa wenu," na dada akamjibu kwa upole kwamba baba husahau tu njia. Ukiona mabadiliko ya namna hiyo yanarudi mara ya pili na ya tatu, hariri tangazo, usingoje.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa nne, simu ya dada iliita. Alikuwa mama anayeuza chapati na chai kando ya Barabara ya Kilwa, kule Vikindu. Dada aliweka sauti kubwa tusikie wote.

"Mwanangu, kuna mzee hapa, mwembamba, mrefu, ana kanzu imepauka mabegani. Ananiambia anakwenda Kilwa. Nimeshamketisha, anakunywa chai."